Kutoka Kiroba Hadi Mizani: Mwongozo Kamili wa Kukusanya na Kuuza Plastiki, Chuma na Karatasi Mtwara

Swali linalonijia kila wiki ni hili: "Nimekusanya chupa wiki tatu, nimepeleka viroba kumi, nimepewa elfu tisa. Nimeibiwa?"

Mara nyingi hakuibiwa. Kiroba kikubwa kilichojaa chupa za maji ambazo hazijabonyezwa kina kilo 3 hivi tu. Viroba kumi ni kilo 30, na kilo 30 kwa shilingi 300 ni hiyo hiyo elfu tisa. Macho yaliona mlima, mizani ikaona kilo 30.

Wengine kweli huibiwa, lakini huibiwa kwa sababu walifika kwa mnunuzi bila kujua uzito wao, daraja la mzigo wao wala bei ya siku hiyo. Mwongozo huu unafuata mzigo wa mwezi mmoja wa watu wawili wenye toroli katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, tangu kuokota hadi kuhesabu pesa. Aliyeko Lindi mjini, Masasi au Nachingwea anaweza kuufuata vilevile, ila ajue kwamba kila kilomita inayomtenga na mnunuzi inakula bei yake. Nitaonyesha inavyokula.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Glavu nene za ngozi au za mpira mzito. Za kitambaa chembamba hazizuii bati.
- Buti au viatu vyenye soli ngumu. Kandambili ni marufuku.
- Fimbo yenye ndoano, ya kufukulia taka badala ya mkono.
- Sumaku. Ya spika mbovu ya redio inatosha.
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 au 100.
- Viroba vitupu visivyopungua 20, na kamba.
- Kisu kikali cha kumenyea waya.
- Ndoo ya maji safi na sabuni.
- Turubai, na vichanja vya mbao vya kuwekea mzigo usiguse chini.
- Daftari na kalamu.

Ukiambiwa uanze na kimoja tu, anza na mizani. Najua wengi wanaanza na toroli. Toroli unaweza kukodi kwa siku, lakini mizani ya kukopa haipatikani siku unapoihitaji.

Kabla ya hatua ya kwanza, pita zahanati uulize chanjo ya pepopunda. Kazi hii ina misumari na mabati kila siku, na kidonda kidogo chenye udongo kinatosha kuingiza ugonjwa huo.

## Hatua ya 1: Ruhusa na mipaka

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Omba barua inayosema unakaa wapi na unafanya kazi gani. Polisi au mlinzi akikukuta saa kumi na mbili asubuhi nyuma ya duka na kiroba, barua hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako.

Kwa chuma chakavu sheria ni kali kuliko kwa chupa na maboksi. Kanuni za mazingira za Tanzania zinamtaka anayefanya biashara ya kukusanya, kuhifadhi na kusafirisha chuma chakavu awe na kibali, na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ndicho cha kuuliza utaratibu wake. Njia rahisi kwa anayeanza ni kufanya kazi chini ya mnunuzi mwenye kibali: mwombe akuonyeshe kibali chake, na muulize kama kinakugusa wewe unayemletea. Akikasirika kwa swali hilo, tafuta mwingine.

Kuna vitu havinunuliwi hata vikiletwa na mtoto wa jirani unayemfahamu: nyaya nene za umeme, dira za maji, mifuniko ya chemba, alama za barabarani, vyuma vya kingo za madaraja, na kengele au geti la shule. Kukutwa na mali ya wizi ni kosa lako wewe, siyo la aliyekuletea peke yake. Kwa kila chuma unachonunua, andika jina la muuzaji, simu, tarehe na kitu chenyewe. Mtoto akileta chuma, mwambie aje na mzazi.

Utajua umefanikiwa: una barua mkononi, na daftari lina ukurasa wa wauzaji kabla hujanunua kilo ya kwanza.

## Hatua ya 2: Chagua njia yako, usizurure

Wanaoshindwa huzunguka mji mzima. Chagua mzunguko mmoja wa asubuhi na uurudie siku zile zile, ili watu wakuwekee.

Chupa za maji ziko stendi, kwenye kumbi za harusi na kwenye baa. Maboksi yako kwa wenye maduka ya jumla na maduka ya dawa za binadamu. Chuma na alumini viko gereji, kwa mafundi wa kuchomelea na majumbani. Nyumbani ndiko sufuria iliyotoboka hukaa miaka mitatu chini ya kitanda ikisubiri mtu wa kuiuliza.

Kuuliza kwenyewe kuna adabu yake. Mimi huanza hivi:

"Hodi, mama. Shikamoo. Napita kununua sufuria mbovu, madumu na chuma kibovu. Napima hapa hapa mbele yako."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango. Mama wa Magomeni au Chikongola ameshapigwa mara nyingi na watu wa "nakupa elfu mbili kwa yote".

Kalenda nayo ina sauti kusini huku. Msimu wa mauzo ya korosho, kuanzia Oktoba, pesa inaingia mitaani, watu wanabadilisha mabati na vyombo, sherehe zinaongezeka, na chupa na chuma vinamiminika. Miezi ya Juni hadi Agosti, mikorosho inapopulizwa, kinachomiminika ni vyombo vya viuatilifu. Nitarudi kwavyo, maana ndiyo hatari kubwa ya kazi hii kwetu na watu wanaichukulia kama mchezo.

Mvua zinazoanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei ndiyo adui wa karatasi. Kama huna paa, miezi hiyo achana na maboksi kabisa.

## Hatua ya 3: Kuokota bila kuumia

Usiingize mkono kwenye kiroba au shimo usiloona ndani. Mwaga kwanza, fukua kwa fimbo, kisha okota. Sindano, viwembe na chupa zilizovunjika hukaa katikati, hazikai juu.

Chupa yenye kimiminika cha njano kando ya barabara ya mabasi usidhani ni juisi. Safari ya Dar ni ndefu na basi halisimami kila mtu anapotaka. Fungua ukiwa umeielekeza mbali na uso, mwaga, suuza.

Ukichomwa au kukatika, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukichomwa na sindano, usingoje hata jioni. Dawa za kuzuia VVU hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 hazitolewi tena.

### Vitu vya kuacha vilipo

Vyombo vya viuatilifu vya korosho. Ni chupa nzuri, ngumu, zinavutia. Ziache. Angalia lebo: chini kuna mstari wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, na mwekundu ndio mkali kuliko yote. Lebo ikiwa imebanduka, harufu itakuambia, lakini usinuse kwa kuingiza pua. Pita nayo mbali kidogo tu. Dumu la namna hiyo ukiliuza kwa kilo litasagwa pamoja na madumu ya watu, na ukiliuza zima mtu atachotea maji ya kunywa. Mpe mkulima jibu moja: litiwe maji ndani na kutikiswa mara tatu, maji hayo yarudi kwenye bomba la kupulizia, dumu litobolewe, kisha amuulize afisa kilimo lipelekwe wapi.

Mifuko ya salfa. Unga wake unawasha macho na kifua, na unashika moto upesi. Mfuko mmoja ukichanganywa na maboksi, ghala zima linanuka na mnunuzi anakataa mzigo.

Betri za magari zilizopasuka. Betri nzima unaweza kuibeba ikiwa imesimama wima, umevaa glavu. Usiifungue kutoa madini ya risasi yaliyo ndani. Tindikali inaunguza ngozi na macho, na vumbi la risasi linaingia mwilini na kubaki. Watoto ndio linaowaharibu zaidi, hata wakipata kidogo. Tindikali ikikurukia, mwagia maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi.

Mitungi ya gesi na mashine za friji. Usikate, usipige nyundo. Mtungi unaoonekana mtupu bado una gesi ndani, na friji nyingi za siku hizi hutumia gesi inayowaka. Na ukikuta chuma kinachofanana na risasi ya bunduki au bomu, usikiguse. Weka alama, ondoka, piga simu polisi.

Utajua umefanikiwa: umerudi nyumbani na mikono mizima, na kiroba hakina kitu usichokitambua.

## Hatua ya 4: Kuchambua, ambako pesa huzaliwa

Hapa ndipo wengi mnaposhindwa, kwa hiyo nitakaa.

Mzigo wangu wa kwanza wa chupa ulikataliwa. Nilikuwa nimechanganya chupa za maji, za mafuta ya kupikia, vipande vya bomba na vifuniko vya ndoo, vyote "plastiki". Mnunuzi alimwaga viroba viwili chini, akaviangalia, akaniambia niokote nirudi navyo. Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nikaelewa kwamba yeye naye huko anakopeleka humwagiwa hivyo hivyo.

Plastiki haiyeyuki kwa namna moja. Chini ya chombo kuna pembetatu yenye namba. Namba 1, au herufi PET, ni chupa za maji na soda. Namba 2, HDPE, ni madumu na chupa nyingi za sabuni. Namba 5, PP, ni ndoo, viti na beseni nyingi. Namba 3, PVC, ni mabomba ya maji. Vipande vichache tu vya PVC vikiingia kwenye chupa, vinapoyeyushwa huungua kabla ya wenzake, vinatoa gesi ya tindikali na kuacha madoa meusi. Ndiyo maana mnunuzi anakataa kiroba kizima kwa sababu ya mabomba matatu.

Namba ikiwa imefutika, tumia ndoo ya maji. Kata kipande kidogo, kizamishe kwa kidole ili mapovu yatoke, kisha kiachie. Cha dumu au ndoo kitaelea. Cha chupa ya maji au bomba kitazama. Vipande viwili vilivyozama utavitofautisha kwa macho: chupa ni nyembamba na inaangaza, bomba ni nene na haliangazi.

Chupa za PET zigawe mara tatu: zinazoangaza zisizo na rangi, zenye rangi, na zilizokuwa na mafuta. Toa kifuniko, mwaga maji yote, ikanyage kuanzia kitako kwenda mdomoni. Kiroba kile kile kilichobeba kilo 3 sasa kinabeba kilo 8 hivi. Kuhusu vifuniko na lebo, muulize mnunuzi wako. Wapo wanaovitaka vitolewe na vipimwe peke yake, wapo wasiojali. Usipoteze siku mbili kubandua lebo ambazo hakuna anayezilipia.

Madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula yasiyotoboka usiyauze kwa kilo. Yaoshe, uyauze mazima kwa wachota maji. Bei ya dumu moja zima inapita mbali ya kilo moja ya plastiki ngumu. Hili ndilo faida tamu kuliko zote na halihitaji mizani.

Kwenye chuma, sumaku ndiyo hakimu. Ikinasa, ni chuma. Tenga kizito, kama nondo na vipuri, na chepesi, kama mabati na makopo ya rangi, kwa sababu bei zake hutofautiana. Isiponasa, angalia rangi na uzito. Nyeupe na nyepesi ni alumini: sufuria, fremu za madirisha, makopo ya bia. Nyekundu ni shaba nyekundu, ya ndani ya waya. Njano ni shaba njano, ya koki na vitasa. Nyeupe nzito inayong'aa, kama kijiko kizuri au sinki, ni chuma kisichoshika kutu. Nyingi yake hainaswi na sumaku, kwa hiyo watu huiweka kwenye alumini na mnunuzi huitoa bila kusema.

Sufuria ya alumini yenye mpini uliofungwa kwa ribiti za chuma ipige nyundo, utoe chuma. Ukiacha, mnunuzi ana haki ya kuiita "alumini chafu" na kuishusha yote.

Sasa waya. Usichome. Nasisitiza kwa sababu kila jioni huko pembezoni naona moshi mweusi. Plastiki ya waya nyingi ni ile ile PVC. Moshi wake una sumu zinazokaa mwilini, na anayekaa karibu zaidi na moto ni wewe na mtoto aliyekuja kutazama. Halafu hata pesa inapotea: shaba iliyochomwa inatoka nyeusi na magamba, na wanunuzi huilipa chini ya ile iliyomenywa ikabaki nyekundu. Kaza waya kwenye ubao kwa misumari miwili, pitisha kisu kwa urefu kuelekea mbali na mwili, vuta ganda. Nyembamba sana isiyomenyeka iuze na ganda lake kwa bei yake.

Karatasi ni fupi kuieleza. Boksi kavu peke yake, karatasi nyeupe za ofisi peke yake, magazeti peke yake. Toa plastiki na mabaki ya chakula. Boksi zima, safi, lenye kona ngumu, liuze zima kwa wanaofunga mizigo. Yaliyochanika ndiyo ya kilo. Panga juu ya vichanja, mbali na ukuta, funika, na isivutwe sigara humo.

Utajua umefanikiwa: mtu mwingine akifungua kiroba chochote bila kukuuliza, anaweza kusema ndani kuna nini kwa neno moja.

## Hatua ya 5: Pima mwenyewe kwanza

Mizani yako ijaribu kabla ya kuiamini. Nunua au azima katoni iliyofungwa ya chupa 12 za maji za lita moja na nusu. Maji yake ni lita 18, sawa na kilo 18. Pamoja na plastiki yenyewe, mizani isome kati ya 18 na 19. Kisha pima mfuko wa saruji wa kilo 50 dukani kwa jirani. Ikikosea kwa kiasi kile kile kila mara, unaweza kuirekebisha. Ikikosea leo hivi kesho vile, itupe kwenye kiroba cha chuma.

Pima kila kiroba kikiwa kikavu, andika uzito kwa kalamu nene juu yake na kwenye daftari. Usitie maji wala mchanga ili kuongeza. Mnunuzi anachoma kisu kiroba kimoja tu, na akiona maji, anapunguza kilo kwenye viroba vyote.

Mizani ya mnunuzi iangalie kabla mzigo haujapanda: sindano iko kwenye sifuri? Ina alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu? Kisha ujanja wa kiroba: wapo wanaokata kilo nzima kwa kila kiroba "kwa ajili ya kiroba". Kiroba kitupu hakifiki hata robo kilo. Pima kumi vitupu mbele yake, mkubaliane kwa namba hiyo. Kwa viroba 20, kilo moja moja ni kilo 20 umempa bure.

## Hatua ya 6: Kuuliza bei

"Kilo shingapi?" ni swali bovu. Bei unayojibiwa ni ya mzigo bora kabisa, na mzigo wako hautakuwa bora kabisa ukifika. Piga simu kwa wanunuzi watatu siku moja, asubuhi, na uulize hivi:

"Kaka, habari za kazi. Nina chupa za maji zisizo na rangi, zimekanyagwa, hazina vifuniko, kavu, kilo 160. Bei ya leo ni ngapi ukinipokea hapo kwako? Unakata chochote? Unalipa papo hapo? Bei hiyo inakaa hadi lini?"

Swali la mwisho lina sababu. Bei ya shaba na alumini hufuata soko la dunia la London na thamani ya dola. Inaweza kubadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Plastiki mpya inatokana na mafuta, kwa hiyo mafuta yakishuka duniani, viwanda hununua mpya na chupa zako zinadoda. Andika bei tatu kila wiki. Baada ya wiki sita daftari lako litajua zaidi ya dalali yeyote.

Jihadhari na mnunuzi anayekupa pesa mbele. Sisi watu wa kusini tunaijua kangomba: mkulima anachukua pesa ya njaa mwezi wa nne, korosho inaondoka kwa bakuli mwezi wa kumi. Ya skrepa ni hiyo hiyo. Ukishakula elfu hamsini ya mtu, bei anapanga yeye, mizani ni yake, na simu za wanunuzi wengine hazina maana tena.

### Je, nipeleke Dar?

Hapa ndipo ndoto nyingi hufia. Chukua mzigo wa mwezi wa wale watu wawili. Bei ninazotumia ni za mfano wa hesabu tu. Weka zako za leo.

Mtwara wanaweza kuuza chupa kilo 160 kwa 300, wapate 48,000. Chuma kilo 240 kwa 600, ni 144,000. Alumini kilo 22 kwa 3,500, ni 77,000. Shaba nyekundu kilo 3 kwa 14,000, ni 42,000. Boksi kilo 150 kwa 100, ni 15,000. Jumla 326,000.

Rafiki yuko Dar anawaambia: huku chupa 450, chuma 750, alumini 4,300, shaba 17,000. Damu inachemka. Tulia, tuhesabu kimoja kimoja.

Chupa kilo 160 ni viroba 20. Lori linalorudi Dar halihesabu kilo za chupa, linahesabu nafasi. Kwa 2,500 kila kiroba, nauli ni 50,000. Huko zitauzwa 72,000, kwa hiyo zinabaki 22,000. Mtwara zilikuwa 48,000. Umesafirisha hasara ya 26,000.

Chuma kinaongeza 150 kwa kilo, yaani 36,000. Nauli kwa 100 kila kilo ni 24,000, kupakia na kushusha 10,000. Inabaki faida ya 2,000, na bado kuna suala la kibali cha kukisafirisha. Bora ulale.

Alumini na shaba ndiyo habari tofauti. Kilo 25 tu, zinakaa pembeni ya lori, na zinaongeza 26,600. Hata ukitoa 10,000 ya usafiri, kuna 16,600. Lakini ukipanda basi mwenyewe kuzipeleka, nauli ya kwenda na kurudi imeimeza yote. Kwa hiyo kilo 25 hazitoshi. Zitunze kavu na zimefungwa, kwa kuwa haziozi, mpaka zifike kilo mia na ushee, kisha uliza mnunuzi wako mwenye kibali kama mtaungana kwenye safari yake.

Umeona mpangilio: kitu chenye bei kubwa kwa kilo kinaweza kusafiri mbali, chenye bei ndogo na umbo kubwa kiuzwe mlango wa pili. Aliyeko Nachingwea aifanye hesabu hii hii kati yake na Mtwara. Boksi huenda zisivumilie hata safari hiyo.

Na barabara nayo ni mshiriki. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, njia ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga na malori yakalala. Masika, usiahidi mtu wa Dar tarehe.

## Hatua ya 7: Siku ya kuuza

Fika asubuhi, kabla foleni haijaanza na kabla mpimaji hajachoka. Njoo na mwenzako: mmoja anasoma mizani, mwingine anaandika. Pima aina moja hadi iishe ndipo mwanzishe nyingine. Mchanganyiko wa haraka haraka ndiko kilo hupotelea.

Linganisha kiroba cha kwanza na namba uliyoandika juu yake. Tofauti ya nusu kilo kwenye kiroba cha kilo 8 si bahati mbaya. Simamisha, sema kwa upole: "Kaka, naomba tukirudie hiki, kwangu kilisoma nane kamili." Ikibaki vilevile, omba muweke katoni ya maji. Asipokubali, pakia toroli. Una bei mbili nyingine kwenye daftari.

Boksi zikipungua kilo chache tangu ulipozipima, usigombane upesi. Boksi hunyonya unyevu wa hewa, na hapa pwani unyevu ni mwingi. Ulipima alfajiri, wanapima saa saba mchana kwenye jua. Wiki ijayo pima saa ile ile atakayopima yeye.

Pokea malipo, hesabu hapo hapo, omba risiti au saini kwenye daftari lako. Kabla hamjagawana, ondoa kwanza ulicholipa majumbani kwa chuma na sufuria, kukodi toroli, kamba na maji ya kuoshea. Wale wawili wa mfano wetu walilipa 96,000 kwa chuma, yaani 400 kwa kilo, 44,000 kwa alumini, na 30,000 kwa toroli. Katika 326,000 zinabaki 156,000, elfu 78 kila mmoja kwa mwezi, na hapo hatujahesabu madumu mazima waliyouza kwa wachota maji. Ya madumu iandikeni ukurasa wake peke yake.